Pengo la Milioni 11.5 Limetoka Wapi? Barua kwa Wachangiaji wa Visima vya Nachingwea

Lindi, Septemba 2024

Ndugu wachangiaji,

Baada ya salamu, niende moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Bajeti ya visima viwili vya Nachingwea imepungukiwa shilingi milioni 11.5. Walioahidi wametoa, wote. Visima vyote viwili vimechimbwa, maji yamepimwa, na midomo ya visima imefungwa kwa vifuniko vya chuma ili watoto wasitumbukize mawe. Kilichobaki ni kufunga pampu za sola, na fedha iliyobaki haitoshi kununua pampu zote mbili.

Nilipowadokezea habari hii, swali lililonifikia haraka zaidi lilitoka kwa kaka yetu mmoja aliyeko Uingereza. Aliuliza hivi: "Shilingi ikishuka, pauni yangu si ndiyo inanunua zaidi? Sasa inakuwaje nyinyi mpungukiwe badala ya kuzidiwa?" Wengine hapa nyumbani wameuliza kwa upande wa pili: mfumuko wa bei unatangazwa kuwa kama asilimia 3, mbona bajeti yetu imevimba kuliko hapo? Maswali yote mawili ni ya haki, na jibu lake halitoshi kwenye ujumbe wa simu. Ndiyo maana naandika barua ndefu.

Bajeti yetu tuliipanga Februari 2023. Wakati huo tuliihesabu dola moja kwa shilingi 2,340. Jumla ilikuwa milioni 140, na ahadi zenu zilipofika kiasi hicho tukaanza kukusanya. Ahadi hizo, isipokuwa za ndugu wachache walioko nje, zilikuwa za shilingi. Mtu alisema nitatoa laki sita kwa mwaka na nusu, akawa anatuma kidogo kidogo, na mwisho wa hesabu laki sita zake zimetimia. Leo benki inatuuzia dola kwa 2,720. Laki sita bado ni laki sita, lakini Februari 2023 zilikuwa na thamani ya dola 256 na sasa zina thamani ya dola 221. Watu wa kwetu wanaijua hali hii kwa jina jingine. Mkulima aliyeuza korosho zake kwa kangomba zikiwa bado mtini amekubali bei mapema, na mnada ukifunguliwa kwa bei nyingine hana pa kurudi. Sisi bei tuliikubali siku tulipoandika ahadi.

Hapa kuna namba mbili zinazowachanganya watu, nizitenganishe kabla sijaendelea. Kutoka 2,340 hadi 2,720, dola imepanda kwa asilimia 16. Shilingi kwa upande wake imepoteza asilimia 14 ya thamani yake. Zote mbili ni sahihi: ya kwanza inapimwa kwa ile 2,340 ya mwanzo, ya pili kwa 2,720 ya sasa. Kwa mnunuzi wa kitu kinachouzwa kwa dola, inayomhusu ni ya kwanza, kwa sababu bei yake ya shilingi inapanda kwa asilimia 16 kamili hata kama muuzaji hajaongeza senti moja.

Swali la kwa nini shilingi imeshuka nitalipitia kwa kifupi, maana wengi mnalijua. Baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza mwaka 2022, mafuta na mbolea vilipanda, na nchi ikahitaji dola nyingi zaidi kununua mzigo uleule. Mwaka huohuo benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba, kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 5 kufikia katikati ya 2023, na dola nyingi duniani zikarudi kwao kutafuta riba hiyo. Kwetu dola zikawa adimu. Mwaka 2023 na nusu ya kwanza ya huu wa 2024, wafanyabiashara walikuwa wakisubiri foleni benki kupata dola za kuagizia mzigo. Kitu kikiwa adimu bei yake hupanda, na dola ni kitu kama kingine chochote.

Sasa turudi kwenye bajeti, maana ndiko siri ilipo. Swali la kujiuliza ni hili: katika kila shilingi tunayotumia, ni sehemu gani inafuata dola, na katika kila shilingi tunayopokea, ni sehemu gani inafuata dola au pauni? Kama sehemu hizo mbili zingelingana, kushuka kwa shilingi kusingetugusa. Tungepoteza huku na kupata kule. Shirika linalopokea fedha zote kwa dola na kulipa walimu na mafundi kwa shilingi, hilo linafurahia shilingi ikishuka. Sisi tuko upande wa pili. Mapato yetu ya kigeni yalikuwa pauni 5,000 tu, ambazo tulizihesabu kuwa milioni 14.15, yaani sehemu moja ya kumi ya bajeti. Matumizi yetu yanayofuata dola, moja kwa moja au kwa kuzunguka, yanapita nusu.

Kwa hiyo kaka yetu wa Uingereza amesema kweli kuhusu pauni zake. Zile pauni 5,000 zilipoingia kwa mafungu na benki ikakata chake, zilituletea milioni 15.85. Tumepata nyongeza ya milioni 1.7 bila yeye na wenzake kuongeza hata peni. Ila nyongeza hiyo imekuta shimo la milioni 13.2 upande wa matumizi. Toa moja kwa nyingine, linabaki lile shimo la milioni 11.5 nililoanza nalo.

Hizo milioni 13.2 zilivyopatikana nitazieleza kifungu kwa kifungu, kwa sababu hapa ndipo mchangiaji anapoweza kupima kama mratibu wake anasema kweli. Kila gharama ina vipande viwili: idadi na bei. Idadi ikiongezeka, yaani mita zaidi, mifuko zaidi, safari zaidi, hilo ni la kwetu na tunapaswa kulieleza kama letu. Idadi ikibaki ileile na bei ikapanda, hapo ndipo mtu anaweza kuanza kuitaja shilingi. Mtu akikwambia "ni dola" bila kutenganisha idadi na bei, mwombe atenganishe.

Kifungu kilicho wazi kuliko vyote ni pampu. Kila kijiji kinahitaji pampu ya kuzamisha kisimani, kidhibiti chake, paneli za sola na nyaya, kwa dola 7,000. Seti mbili ni dola 14,000. Bei hiyo ya dola haijabadilika tangu tulipoulizia mara ya kwanza, wala idadi. Kwa dola ya 2,340 ilikuwa milioni 32.76. Kwa dola ya 2,720 ni milioni 38.08. Tofauti ni milioni 5.32, na yote ni ya shilingi.

Uchimbaji hauko wazi namna hiyo. Mkandarasi anatutoza kwa shilingi, na mkataba hautaji dola popote. Lakini mtambo wake unakunywa dizeli siku nzima, vichwa vya kutobolea mwamba vinatoka nje, na mabomba ya kesingi yanayozuia kuta za kisima zisibomoke yametengenezwa kwa malighafi ya nje. Madereva, vibarua na faida yake yeye ni vya shilingi. Ndiyo maana bei yake ya mita moja haikupanda kwa asilimia 16. Ilipanda kutoka 220,000 hadi 232,500, ambayo ni chini ya asilimia 6. Kwa mita zote tulizochimba, ongezeko hilo la bei ni milioni 2.6.

Lakini uchimbaji ulizidi bajeti kwa milioni 4.36, na tofauti iliyobaki haihusiani na shilingi hata kidogo. Tulipanga mita 200 kwa visima vyote viwili. Cha kwanza kiliishia mita 100 kama ilivyotarajiwa. Cha pili, kwenye mita 100 ufa wa mwamba wenye maji ulikuwa ndiyo kwanza umeguswa, na mtaalamu aliyekuwa kwenye mtambo akashauri tusogee mbele. Tulifika mita 108. Mita hizo 8 kwa bei ya zamani ni milioni 1.76. Nazitaja pekee kwa makusudi, ili zisije zikajificha chini ya mgongo wa dola.

Mabomba ya plastiki meusi ya kupeleka maji kutoka kisimani hadi kwenye vituo yanatengenezwa Dar es Salaam, na kuna aliyeniuliza kwa nini kitu cha Dar kipande kwa sababu ya dola. Kiwanda ni cha Dar, chembechembe za plastiki zinazoyeyushwa humo zinaagizwa. Kifungu hicho kimetoka milioni 22 hadi 24.2. Usimamizi, upimaji wa maji, vibali vya bodi ya maji ya bonde na usafiri vimetoka milioni 11.24 hadi 11.96, na kilichopanda zaidi humo ni mafuta ya gari. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na Mtwara ni mojawapo ya bandari tatu zinazohesabiwa. Bei hiyo hubeba bei ya dunia pamoja na kiwango cha kubadilishia dola, kwa hiyo hata bei ya dunia ikitulia, shilingi ikishuka tutaiona kwenye kituo cha mafuta.

Kifungu cha mnara wa tangi, mitaro na vituo vya kuchotea ndicho kilichotulia. Kilikuwa milioni 30, sasa ni 30.6. Saruji inapikwa hapo Mtwara kwa mawe ya chokaa ya hukohuko, mchanga na kokoto ni vya Nachingwea, mafundi ni wa Nachingwea, na mitaro inachimbwa na wananchi wenyewe. Ongezeko la asilimia 2 kwenye kifungu hiki ni kupanda kwa kawaida kwa bei za nchini.

Na hapo pana jibu la swali la mfumuko wa bei. Ile asilimia 3 kwa mwaka inayotangazwa kila mwezi inapima kapu la mlaji wa kawaida: unga, mchele, samaki, kodi ya nyumba, nauli, nguo. Sehemu kubwa ya kapu hilo inalimwa na kutengenezwa nchini. Ndani yake hamna pampu ya kuzamisha wala kichwa cha kutobolea mwamba. Kama bajeti yetu ingekuwa ya mnara na mitaro tu, isingezidi takwimu ya taifa, na kwa hakika mnara haukuizidi. Kapu letu limejaa vitu vya nje kuliko kapu la mama anayekwenda sokoni, kwa hiyo limepanda kuliko lake.

Jumlisha: pampu 5.32, uchimbaji 4.36, mabomba 2.2, mnara 0.6, usimamizi 0.72. Ni milioni 13.2. Ukitoa mita 8 za ziada na kupanda kwa kawaida kwa mnara, zinabaki karibu milioni 10.8 ambazo ama ni dola yenyewe ama ni vitu vilivyoivuta dola nyuma yake. Siwezi kusema kila shilingi ya hizo 10.8 ni ya kiwango cha kubadilishia, kwa sababu mkandarasi na kiwanda cha mabomba hawatuonyeshi vitabu vyao. Kwa pampu naweza kusema hivyo, kwa sababu bei yake ya dola iko kwenye profoma, yaani ankara ya awali ya muuzaji, na haijasogea.

Kuna maswali mawili ya "kwa nini hamku…" ambayo nimeyapokea kwa sauti za upole, na moja kwa sauti isiyo ya upole sana. La kwanza: kwa nini hamkununua pampu mwanzoni, dola ilipokuwa 2,340?

Kwa sababu pampu hainunuliwi kabla ya kisima. Kisima kikishachimbwa, kinasukumwa maji mfululizo kwa pampu ya majaribio, usiku na mchana, huku fundi akipima kila mara maji yameshuka hadi mita ngapi. Kisha pampu inazimwa na anapima yanarudi kwa kasi gani. Kwenye kisima chetu cha kwanza maji yaliyotulia yako mita 31 kutoka juu. Yakisukumwa lita 4,000 kwa saa yanashuka na kusimama mita 52. Pampu basi itayanyanyua kutoka mita 52, iyapandishe mita 14 za kilima hadi lilipo tangi, na mita 9 za mnara, na tuongeze mita kama 5 za nguvu inayopotea ndani ya bomba. Jumla ni mita 80. Namba hizo mbili, lita 4,000 na mita 80, ndizo zinazochagua pampu, na pampu ndiyo inayochagua idadi ya paneli. Ungenunua mapema ungenunua kwa kubahatisha. Pampu kubwa kuliko kisima hukausha kisima na kuungua, na pampu ndogo haifikishi maji kwenye tangi. Na kisima kingeweza kutoka kikavu, tukabaki na pampu ya dola 7,000 stoo.

Maana yake ni kwamba kazi ya kisima kwa asili yake inaweka gharama ya dola mwisho kabisa. Unakusanya kwa shilingi miezi kumi na minane, unalipa mchimbaji, unalipa mabomba, na kitu kinachofuata dola kwa asilimia mia kinakuja wakati kiwango kimesogea kuliko wakati wote. Ndiyo sababu pia pengo lote linaonekana kama pengo la pampu. Limetoka kila mahali, lakini wa mwisho kwenye foleni ndiye anayekosa.

La pili: kwa nini hamkubadilisha michango kuwa dola kila ilipoingia, mkaziweka? Kwa muda mwingi wa kipindi hicho benki haikuwa na dola za kumuuzia mtu asiye na ankara ya mzigo unaoagizwa nje. Sisi tulikuwa na michango ya elfu thelathini na elfu hamsini inayoingia kwa simu, na hatukuwa na ankara yoyote kwa sababu ile niliyoeleza hapo juu. Njia nyingine ya kupata dola ilikuwa ni mtu wa pembeni mwenye bei yake, na umoja unaokaguliwa hauwezi kupita huko. Hata kama dola zingepatikana, kamati ingepaswa kujiuliza: zaidi ya nusu ya bajeti inalipwa kwa shilingi mkononi, je, tukiweka zote kwa dola na shilingi ikapanda, tutawaambia nini wachangiaji? Kilichokuwa sahihi kuwekwa kwa dola ni ile sehemu ya pampu peke yake, na ndiyo iliyokuwa haiwezekani.

Sasa tuko wapi? Tukishalipa yote mengine tunabaki na milioni 26.58 kwa ajili ya pampu. Seti moja ni milioni 19.04. Tukiinunua, zinabaki milioni 7.54, na seti ya pili inapungukiwa zile milioni 11.5.

Fundi mmoja, kwa nia njema, alipendekeza tununue seti zote mbili na kupunguza paneli tatu kila moja. Sikukubali. Paneli ni sehemu ya bei rahisi kwenye seti, kwa hiyo ukiondoa tatu unaokoa kama dola 300 tu. Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu maji ya kupandishwa mita 80 hayapungui taratibu kadiri nguvu inavyopungua. Pampu inahitaji kufika kasi fulani ndipo maji yaanze kutoka juu. Chini ya hapo inazunguka na hakuna tone. Kwa hiyo asubuhi, jioni na siku za mawingu ya masika, ambazo paneli pungufu zingefanya pampu izunguke bure, tangi lingebaki tupu. Nimeona vijijini miradi ambayo watu wanasema "sola haina nguvu" kumbe paneli zilipunguzwa ofisini.

Wazo la kusubiri lina uzito zaidi, na linatoka kwa watu wanaoijua korosho. Minada inafunguliwa Oktoba. Wanunuzi wakubwa wanaopeleka korosho Vietnam na India wana dola, lakini mkulima wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, analipwa shilingi kupitia chama chake. Mnunuzi basi lazima auze dola benki apate shilingi za kulipia mzigo wa mnada. Ongeza utalii na dhahabu, na mwisho wa mwaka dola huwa si adimu kama ilivyo kati ya Januari na Juni. Kwa kawaida shilingi hupata nafuu wakati huo. Hivyo kuna sababu ya kuamini kwamba Desemba kiwango kitakuwa kizuri kuliko leo, ingawa hakuna anayejua kwa kiasi gani.

Lakini hebu tuhesabu nafuu hiyo inatuletea nini. Seti moja ni dola 7,000. Kila dola ikishuka kwa shilingi 10, tunaokoa shilingi 70,000. Ikishuka kutoka 2,720 hadi 2,500, ambayo ingekuwa nafuu kubwa, tunaokoa milioni 1.54. Hata ikirudi mpaka 2,340 ya Februari 2023, tunaokoa milioni 2.66. Na pengo ni milioni 11.5. Sehemu kubwa ya pengo ni fedha ambazo tayari zimelipwa kwa mchimbaji na muuza mabomba, na hazirudi hata shilingi ikipaa. Nimekutana na wachangiaji wanaodhani shilingi ikipata nafuu pengo litajifuta lenyewe. Halitajifuta, litapungua kidogo.

Kwa hiyo kamati imeamua hivi. Seti ya kwanza inaagizwa mwezi huu, kwa kiwango cha sasa, bila kubahatisha. Profoma ina muda wa siku 14, na mvua zikianza Novemba au Desemba njia ya kuingia kijiji cha kwanza ina udongo mweusi ambao lori halipiti. Mitaro ya vijiji vyote viwili inaendelea kuchimbwa sasa, kwa kuwa hiyo ni shilingi na nguvu za wananchi. Seti ya pili tutaisubirisha hadi Desemba. Kijiji cha pili kiko kando ya barabara kubwa, na mzigo unaweza kufika hata mvua ikinyesha. Tukikuta dola imeshuka, tutakuwa tumeokoa kidogo. Tukikuta imepanda hadi 2,800, tutakuwa tumeongeza 560,000, na kamati imekubali kubeba hatari ya kiasi hicho.

Wazee wa kijiji cha pili tumekwenda kuwaeleza ana kwa ana kwa nini wenzao wanaanza. Walitusikiliza, wakauliza maswali makali kuliko yenu, na mmoja akataka kujua kama kisima chao kilichozidi mita 8 ndicho kinachowaponza. Hapana. Kijiji cha kwanza kimetangulia kwa sababu ya barabara tu.

Tunachowaomba ni milioni 11.5 kufikia mwisho wa Novemba. Yeyote anayeweza kuongeza kwa pauni, dola au riali, tafadhali asizibadilishe huko aliko. Atume kwa fedha yake kwenye akaunti ya benki ya umoja, na ataje kwamba ni ya seti ya pili. Safari hii tuna profoma mkononi, kwa hiyo fedha hizo tunaweza kuzilipa kwa muuzaji bila kupitia shilingi, na hatutakatwa mara mbili, kwanza tukiuza pauni na kisha tukinunua dola. Wanaochangia kwa shilingi waendelee kama kawaida. Msimhukumu mtu kwa sababu laki yake imekuwa nyepesi.

Bajeti ya visima vya mwakani itaandikwa kwa safu mbili, moja ya vitu vya shilingi na moja ya vitu vya dola, na kiwango tulichotumia kitaandikwa juu ya karatasi. Kiwango kikisogea kwa zaidi ya asilimia 5 mtapata barua wakati huohuo, kabla ya kazi kufika mwisho. Pia tutakuwa tunachimba kwanza kisima kimoja hadi pampu iingie, ndipo tuguse cha pili. Ni ghali zaidi, kwa sababu mtambo wa kuchimba utakuja mara mbili, na bado tunabishana ndani ya kamati kama gharama hiyo inastahili. Mwenye maoni aniandikie.

Ankara ya mchimbaji, stakabadhi za mabomba, profoma ya pampu na taarifa ya benki viko ofisini Lindi mjini, na mhazini atawatumia nakala wanaotaka. Seti ya kwanza ikishafika nitawaandikia ilinunuliwa kwa kiwango gani hasa, maana kati ya siku ninayoandika na siku ya kulipa, 2,720 inaweza isiwe 2,720 tena.

Wenu,
Mratibu